Wauza raba, sisi wa kilo 120 hatuna miguu?

Kibonge_Mwendo: Wakuu, nina hasira. Daktari kaniambia nitembee nusu saa kila siku kwa ajili ya presha. Nikaenda Kariakoo, nikasema navaa 43 ila inanibana pembeni. Muuzaji akaniletea 45! Kisigino kinachomoka kila hatua, kiatu kinakunjika mahali ambapo vidole vyangu havijafika, na kidole kidogo bado kinasuguliwa. Ndani kulikuwa na kasponji laini kama godoro jipya, sasa hivi kamelala chapati na magoti yanauma. Chini soli haijalika hata kidogo, kwa hiyo muuzaji anasema kiatu kizima, mimi ndiye mnene. Hela hataki kurudisha.

Mzee wa Soli: Pole mkuu. Soli ya chini haikwambii kitu, kinachokufa ni sponji nene ya katikati. Kiweke mezani, kitazame kwa nyuma usawa wa macho. Kama kisigino kimelalia upande, au sponji ina mikunjo pembeni ambayo haitoki ukivua, kimekwisha. Na upana usiutafute kwenye namba. Kuna kampuni zinaandika herufi kwenye boksi: kwa wanaume D ni wa kawaida, 2E mpana, 4E mpana zaidi. New Balance na Brooks wanazo. Pima jioni miguu ikiwa imevimba.

Dada Tabata: Hizo 4E Kariakoo ziko duka gani? Tuambie na bei basi.

Mzee wa Soli: Hapo ndipo shida. Nyingi ni za kuagiza.

Chuma_Cha_Pua: Mnahangaika bure. Nenda Karume, chukua mtumba orijino. Na uchague laini kabisa, uzito unataka ulaini.

Mzee wa Soli: Mtumba sawa, ila sponji huzeeka hata kiatu kikiwa stoo. Kuna zinazomomonyoka unga ukitembea. Bonyeza kwa dole gumba: ikiwa ngumu kama ubao, au ikibonyea isirudi, iache. Laini sana kwa kilo 120 unaizamia hadi chini. Inayofaa inabonyea kidogo na kurudi, na ile sehemu ya nyuma inayoshika kisigino haikunjiki ukiibana.

Mama Chanika: Mimi mama yangu ana sukari, miguu ina ganzi. Naye avae hizo?

Mzee wa Soli: Huyo kwanza miguu yake ikaguliwe kliniki ya sukari, mama. Kiatu kikimchubua hatasikia.

Kibonge_Mwendo: Nimetazama. Cha kulia kimelalia ndani kabisa. Nikipata 2E itadumu muda gani?

Mzee wa Soli: Raba za kukimbilia huhesabiwa kilomita 500 hadi 800. Kwa uzito wako shika 500. Ukienda kilomita mbili na nusu kwa siku, ni kama miezi sita na nusu.

Chuma_Cha_Pua: Awe na pea mbili abadilishane, sponji ipumzike.

Mzee wa Soli: Wengine wanasema inasaidia, mimi sijaona tofauti.

Kibonge_Mwendo: Pea mbili za kuagiza? Huyo muuzaji anirudishie hela yangu kwanza.