Nakatwa kila mwezi tangu 2021, deni limepanda hadi pauni 72,000. Mkopo wa chuo Uingereza ni wizi wa mchana

BintiMaabara

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, mnisamehe.

Nilikuja Uingereza na wazazi nikiwa mdogo, nikaanza chuo huku England mwaka 2016. Ada ilikuwa pauni 9,000 mwaka wa kwanza, halafu 9,250 kwa miaka miwili iliyofuata. Ukijumlisha na mkopo wa kujikimu, nilikopa kama pauni 52,500. Nilisaini makaratasi nikiwa na miaka 18, mezani kwa mama, yeye akipika na mimi nikibofya "nakubali". Tuliambiwa maneno matatu: utakatwa asilimia 9 ya kinachozidi kiwango fulani cha mshahara, usipofika kiwango hukatwi, na baada ya miaka 30 kilichobaki kinafutwa. Mama akasema huo ni mkopo wa huruma.

Sasa nafanya kazi maabara, mshahara pauni 36,000 kwa mwaka. Nimeweka slipu yangu ya mwezi uliopita hapa mbele. Pauni 3,000 kabla ya makato. Kiwango cha kuanzia kukatwa kwa mwaka wa kodi wa 2025/26 ni pauni 28,470, yaani 2,372.50 kwa mwezi. Inabaki 627.50, asilimia 9 yake ni pauni 56 na senti, na senti wanaziacha. Mstari wa makato umeandikwa 56. Hapo sina ugomvi, hesabu yao iko sawa.

Ugomvi uko kwenye taarifa ya deni. Deni ni pauni 72,000. Riba yake inaanzia kwenye mfumuko wa bei, ambao kwa hesabu waliyoitumia tangu Septemba 2025 ni asilimia 3.2, halafu inapanda kadiri mshahara unavyopanda hadi asilimia 6.2 kwa anayefika pauni 51,245. Kwa mshahara wangu inaangukia kama asilimia 4.2. Pigeni wenyewe: riba ya mwaka inazidi pauni 3,000, yaani kama 250 kwa mwezi. Mimi nalipa 56. Kila mwezi ninaolipa, deni linaongezeka karibu pauni 195!

Na kilichoniuma zaidi ni hiki. Mwaka 2024 zamu yangu ya upatu ilifika, pauni 3,000 taslimu. Tunacheza wanawake kumi na wawili, na kuna mwezi nilikula ugali na dagaa tu ili nisikose mchango. Nikaichukua yote nikailipia mkopo, nikijua nimejipunguzia mzigo. Mwezi uliofuata nafungua slipu: makato ni yale yale, hayajapungua hata pauni moja. Nikapiga simu, nikajibiwa kwamba huo ndio utaratibu.

Nauliza kwa uchungu: nitamaliza lini? Kuna mtu humu amewahi kumaliza?

MwalimuWaTanga

Pole sana dada. Lakini mbona asilimia 9 ni nafuu? Sisi huku Tanzania tunakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hakuna cha kiwango wala nini, inaanza kwenye shilingi ya kwanza. Ukiwa na mshahara wa laki nane, laki na ishirini imeondoka kabla hujaiona. Wewe asilimia 9 ya 3,000 ni 270, unabaki na nyingi tu.

BintiMaabara

Mwalimu, shikamoo, lakini hujanisoma. Siyo asilimia 9 ya 3,000, ni ya ile inayozidi kiwango tu. Ndiyo maana nakatwa 56 na siyo 270.

MwalimuWaTanga

Marahaba. Aa, nimekuelewa sasa. Basi ndiyo sababu deni halishuki, kipande wanachokikata ni kidogo. Huku tangu ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iondolewe mwaka 2021, kila unachokatwa kinashusha deni. Mimi nakatwa nyingi na inauma kila mwisho wa mwezi, ila najua mwaka nitakaomaliza. Wewe hukatwi sana, lakini hujui.

FundiHesabu

Mwalimu kagusa penyewe. BintiMaabara, nimefanya kazi ya mishahara huku miaka mingi, nikujibu polepole.

Wewe uko Mpango wa 2, wa walioanza chuo England kati ya Septemba 2012 na Julai 2023. Swali la kwanza ni mshahara gani unalisimamisha deni lisipande. Kwa riba ya juu ya asilimia 6.2, deni la 72,000 linazaa pauni 4,464 kwa mwaka. Ili makato yako yafike hapo unahitaji mshahara wa kama pauni 78,000. Hapo bado hujapunguza hata pauni moja, umelisimamisha tu.

Swali la pili ni kumaliza. Ulimaliza chuo 2019, saa yako ilianza kuhesabu Aprili 2020, kwa hiyo linafutwa Aprili 2050. Imebaki miaka 24. Nikishika riba hiyo hiyo na kiwango kisisogee, ungehitaji mshahara wa zaidi ya pauni 93,000 kuanzia leo, mfululizo, ndiyo umalize mwaka ule ule ambao wangekufutia. Kwa hiyo jibu la "lini" ni Aprili 2050, na hutamaliza kwa kulipa.

Sasa geuza upande wa pili. Mshahara wako na kiwango vikipanda pamoja kwa asilimia 3 kila mwaka, kuanzia leo hadi 2050 utakatwa jumla ya kama pauni 23,000. Hiyo ndiyo gharama yako halisi. Ile 72,000 hutailipa, na ikiwa 150,000 pia hutailipa. Makato yanaangalia mshahara wako, hayaangalii deni. Ndiyo maana pauni 3,000 za upatu hazikusogeza kitu: ulipunguza deni ambalo hukuwa unalifikia. Na malipo ya hiari hayarudishwi. Naomba usirudie.

BintiMaabara

Nimesoma hii mara mbili nikalia. Pauni elfu tatu, Fundi. Mbona yule wa simu hakuniambia?

KakaWaLuton

Tatizo wabongo mnalipa sana. Dawa ni kuondoka. Rudi nyumbani au nenda Dubai, huko hawakati, saa inaendelea kuhesabu, miaka ikifika wanafuta. Rafiki yangu amefanya hivyo.

FundiHesabu

Nusu yake ni kweli, kwamba saa inaendelea hata ukiwa nje. Lakini unatakiwa kuwapa taarifa za kipato chako, na kila nchi ina kiwango chake kinachofuata gharama za maisha, kwa hiyo nchi yenye maisha nafuu kiwango kiko chini kuliko cha Uingereza. Ukinyamaza wanakupangia malipo maalumu ya kila mwezi bila kujali unapata nini, na usipolipa yanakuwa malimbikizo. Mwambie rafiki yako afungue barua zake.

DadaWaZamu

Samahani naingilia. Mimi nalea wazee, mkopo wangu ni huo huo. Mshahara ni kama 2,100 kwa mwezi, huwa sikatwi. Desemba nilipiga zamu za usiku nyingi nikapata 3,100, wakanikata 65! Nilidhani nimebadilishiwa mpango. Meneja kaniambia niachane nayo.

FundiHesabu

Usiachane nayo, dada. Mfumo wa mishahara unaangalia mwezi peke yake, haujui mwaka wako. 3,100 ilivuka 2,372.50, ikakata. Lakini miezi 11 ya 2,100 na mmoja wa 3,100 ni pauni 26,200, uko chini ya kiwango cha mwaka. Mwaka wa kodi ukiisha Aprili 5, dai pauni 65 zako, zinarudishwa. Tunza slipu zote. Na kagua umeandikiwa mpango namba ngapi: aliye Mpango wa 2 akiwekwa Mpango wa 1, kiwango kinashuka hadi pauni 26,065 na anakatwa zaidi. Kwa mshahara wa BintiMaabara ingekuwa zaidi ya pauni 200 za ziada kwa mwaka. Kosa hili nimeliona mara nyingi mtu akihama kazi na kujaza fomu ya kuanza kazi kwa haraka.

DadaWaZamu

Asante sana. Ya kwangu imeandikwa 2. Nadai.

BintiMaabara

Fundi, nimekubali kwamba 72,000 siyo ya kulipwa. Basi hasira yangu naihamisha, na hapa usinitulize. Kama gharama yangu halisi inategemea kiwango, kwa nini wanakichezea baada ya mimi kusaini? Kilikaa pale pale 27,295 kuanzia 2021 hadi Aprili 2025, miaka ambayo mafuta ya kula, kodi ya nyumba na umeme vilipanda kama moto. Aprili 2026 kinapanda hadi 29,385, nashukuru, makato yangu yatashuka hadi 49. Halafu kwenye bajeti ya Novemba 2025 wametangaza kukigandisha hapo kwa miaka mitatu kuanzia Aprili 2027. Benki ikibadilisha masharti ya mkopo wako katikati, unaenda mahakamani. Hawa wanatangaza bungeni na kesho yake slipu inabadilika.

FundiHesabu

Sikutulizi, hapo una haki. Kama kingepanda asilimia 3 kila mwaka, mwaka 2029 kingekuwa kama 32,100. Tofauti ni karibu pauni 2,700, na asilimia 9 yake ni pauni 245 kwa mwaka kwa mtu kama wewe. Na haiishi mgando ukiisha, kwa sababu kitaanza kupanda tena kutoka chini. Ile 23,000 niliyokupa iongeze.

MwalimuWaTanga

Kwa hiyo ukipanda cheo, unapata nini mkononi?

BintiMaabara

Kwenye kila pauni 1,000 ya nyongeza, 200 kodi, 80 bima ya taifa, 90 mkopo. Nabaki na 630. Na nimepata nafasi ya shahada ya pili. Nikichukua mkopo wake, ni asilimia 6 nyingine juu ya pauni 21,000, inakatwa pamoja na hii. Kwa mshahara wangu wa sasa hiyo ni pauni 900 kwa mwaka, kubwa kuliko makato ya mkopo wa kwanza. Meneja anasema bila shahada hiyo sivuki pauni 45,000. Ninatakiwa kujibu kabla ya Mei.

FundiHesabu

Huo ni mdogo na una nafasi ya kuisha kweli, kwa hiyo hesabu yake ni nyingine kabisa. Ada ni kiasi gani, na mwajiri anachangia?

BintiMaabara

Ada 11,500. Mwajiri bado hajajibu. Nitamuuliza Jumatatu, nirudi hapa.