Picha ya mgongoni ya joho la PhD: uso haumo, lakini mtu hajulikani kweli?

Kaka wa Majengo: Dadangu kamaliza PhD kimyakimya, kazini hawajui hata kama alikuwa anasoma. Studio ilompiga picha pale bustani ya Mama Ngina, Mombasa, imeweka moja kwa peji yao, kageuka mgongo anatazama bahari, uso hauonekani. Wanasema hapo hakuna anayejulikana, joho ni joho. Wana haki au la?

Mswahili Halisi: Wana haki, uso haumo, yakhe. Watu wangapi wanavaa joho kila mwaka?

Bint Kisauni: Ngoja, joho si joho tu. Kila rangi ya hudi, hicho kitambaa cha mgongoni, ina kozi yake dunia nzima, kijani daktari wa hospitali, zambarau wakili. Bluu ni falsafa, kwa hivo watu watajua dadako alisomea falsafa.

Fundi Cherehani: Nashona hizi kitu miaka mingi, mamangu, nusu umepata nusu umekosa. Hizo rangi ni za utaratibu wa Kimarekani uloanza 1895. Waingereza kila chuo kina yake, na vyuo vyetu vingi vimefuata njia hiyo ya kila chuo na kanuni zake, ndo maana mimi sigusi oda mpaka nipewe sampuli. Oksfodi na Kembriji hudi ya BA zote ni nyeusi zenye manyoya meupe, unazitofautisha kwa mkato tu. Kaka, ya dadako ikoje?

Kaka wa Majengo: Chuo kinafuata hao Wamarekani. Mpaka wa velveti bluu iliyoiva, mpana, ndani hariri rangi mbili.

Fundi Cherehani: Haya, basi hiyo inasomeka. Hariri ya ndani ndo chuo. Upana wa velveti ndo daraja: digrii ya kwanza inchi 2, masta 3, daktari 5, na hudi yenyewe ya daktari inashuka futi 4. Bluu iliyoiva ni ya PhD yoyote, awe kasomea samaki au historia, kwa hivo somo lake halionekani, hapo Bint Kisauni umeteleza. Lakini hiyo studio imechagua upande mbaya kabisa. Hudi inaning'inia mgongoni, hariri imegeuzwa nje makusudi ionekane. Angetazama kamera ungeona velveti ya shingoni na kifuani na mistari mitatu ya mikono basi, chuo usingekijua kirahisi. Wameficha uso wakaanika cheti.

Mswahili Halisi: Sawa, chuo na daraja. Jina liko wapi?

Fundi Cherehani: Kwa kile kijitabu cha mahafali. Vyuo vingi vinakiweka PDF mtandaoni, na wa PhD mara nyingi wanaandikwa na mada ya utafiti. Ingekuwa digrii ya kwanza ya biashara, majina mia kadhaa, nenda ukatafute. PhD tuseme majina 12 mwaka huo, toa wanaume wabaki 5, wa Mombasa wangapi hapo? Na peji inaonyesha picha iliwekwa wiki ya mahafali.

Baba Wawili: Mimi hao wakodishaji majoho walinikata depoziti ati nimerudisha na doa. Doa lilikuwepo!! Nani anajua pa kushtaki?

Bint Kisauni: Baba Wawili fungua uzi wako jamani 😂 Lakini hapo kwa kukodi, studio zingine si zinaweka majoho yao wenyewe, unavaa hudi yoyote upige picha? Na filta zinageuza bluu ikawa zambarau. Mtu hawezi kuwa na hakika.

Nyali Mpole: Umbea hautaki hakika, mwanangu. Mfanyakazi mwenzake akishuku tu inatosha.

Karani wa Tononoka: Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 haikusema uso, imesema mtu anayeweza kutambulika moja kwa moja au kwa njia nyingine. Na hii ni tangazo la biashara, ridhaa ilitakiwa. 2023 klabu moja Nairobi ilipigwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja. Ila kwa hudi peke yake sijaona kesi.

Mswahili Halisi: Joho linavaliwa hadharani mbele ya maelfu, leo limekuwa siri? Hapo mnanipoteza.

Nyali Mpole: Alivaa mbele ya alowaalika. Hakuwaalika wateja wa studio.

Kaka wa Majengo: Nimeongea nao saa hizi, wanasema hawaitoi, wataigeuza iwe nyeusi na nyeupe.

Fundi Cherehani: Hapo chuo kitapotea, hilo wamefanya. Lakini inchi 5 ni inchi 5 hata bila rangi, na hiyo mikono mipana kama kengele ni ya daktari. Waambie waikate picha kuanzia mabegani kwenda chini, ibaki kofia na bahari, na waangalie kofia yenyewe, ikiwa ile laini ya pembe nyingi badala ya ile bapa, hiyo nayo inasema.