Naomba ushauri: sare za sendofu zinamaliza mshahara wangu

Habari zenu wapendwa. Nipo Moshi, nafanya kazi dukani, na mkononi napata 380,000 kwa mwezi. Nikishalipa chumba, chakula na hela ya mama kijijini, nimejiwekea 50,000 tu ya sherehe, mitoko na zawadi. Naiweka kwenye laini nyingine ya simu ili nisiichanganye na matumizi ya nyumbani.

Tatizo ni kundi letu la marafiki saba. Mwezi huu mwenzetu ana sendofu. Kitenge cha sare 30,000, fundi 25,000, mchango 50,000, zawadi ya pamoja 15,000. Jumla 120,000, na nywele bado sijagusa. Kila jioni mweka hazina anatuma orodha kwenye grupu: jina, ahadi, alicholipa. Mimi nina sifuri mbele ya jina langu, na roho inaniuma kwa sababu huyu bibi harusi nampenda kweli, ndiye aliyenipokea nilipokuja mjini.

Nilikosea mwezi wa nne. Niliahidi 70,000 mbele za watu, nikakopa, nikamaliza deni mwezi wa saba.

Sasa nafikiria nitoe mchango 40,000 kimya kimya kwa bibi harusi mwenyewe, nivae gauni langu la zamani lenye rangi inayokaribiana na sare, zawadi nisishiriki.

Waliopitia haya, je, nimwambie mweka hazina kabla ya kikao cha Jumapili, au nianze na bibi harusi? Na nisemeje bila kuonekana najitenga?