Kofia moja, maduka matatu mtandaoni, maelezo hayalingani: nipangeje?

BintiMkomani (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum jamii. Niko Lamu mjini, na nyumbani kwetu kazi ni kofia za vito, zile za kushonwa kwa vitundu. Baba na wenzake hushona, mimi hupiga picha na kuandika maelezo, na binamu yangu aliye Uingereza ndiye mwenye akaunti. Kofia humfikia kwa mkupuo, naye huwatumia wateja. Tunauza Etsy, eBay na Amazon.

Kofia ni ileile, lakini kila duka linaisema kivyake. Kichwa cha bidhaa Etsy kinapokea herufi 140, eBay kinapokea 80 tu. Kichwa chetu kina herufi 93, kwa Kiingereza kwa sababu wateja ni wa huko:

```
Lamu Kofia Hand Embroidered Swahili Cap Brimless Hat for Men Made in Kenya White Cotton 57 cm
```

Kilipobandikwa eBay kikaishia kwenye neno White. Kitambaa na saizi vikapotea. Mteja wa 59 akanunua ya 57, akairudisha, na nauli ya kurudi ikawa juu yetu.

Kuna na mengine. Saizi hiyohiyo Etsy ni sentimita 57, eBay ni inchi 22.5, Amazon ni 22.4. Maelezo ya kufua tuliyabadilisha mwaka huu, lakini Amazon bado yanasomeka ya zamani. Na yale tuliyoyatoa eBay kuyaweka Etsy yakatokea na alama za `<b>` na `<li>` katikati ya maneno, mteja anaziona hivyohivyo.

Nataka kofia iwe na maelezo ya aina moja kila mahali bila kuyaandika mara tatu. Wenzangu mnafanyaje?

KijanaWaShela

Dada, hili ni jepesi. Tafuta duka lenye nafasi ndogo kuliko yote, uandike kwa kipimo hicho, kisha ubandike hayohayo kila mahali. Hapa eBay ndiyo ndogo, basi kila kichwa kisizidi herufi 80. Mimi nauza vikuku vya fedha hivyo na sijapata lawama.

MamaMikeka_Matondoni

Waalaikumu salaam mwanangu. Mimi nauza mikeka na vikapu kwa simu tu, lakini hili la kutolingana nalijua. Usiweke bei moja hapa na nyingine kule. Mteja wangu wa Nairobi aliona bei ya ukurasa mmoja, dada yake akaona ya ukurasa mwingine, wakanipigia wote wawili. Weka bei moja, ushike hapo hapo.

BintiMkomani

Ahsante mama, la bei nalo linanisumbua, ila kwanza nataka maneno na vipimo vikae sawa. Kaka wa Shela, nimejaribu kupunguza kichwa. Tatizo ni kwamba sijui nitoe lipi nibakize lipi, na binamu naye hutoa lake.

Mchakataji_Msa

Nimefanya kazi ya kupandisha bidhaa za watu kwenye maduka haya kwa muda, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu kidogo.

KijanaWaShela amepata nusu. Kichwa kifupi kinafaa kila mahali. Lakini urefu ni kanuni moja tu kati ya nyingi. eBay inakubali HTML, yaani alama kama zile za `<b>`, kwenye maelezo, Etsy inataka maandishi matupu, na Amazon siku hizi haikubali HTML kwenye maelezo isipokuwa alama ya kukata mstari. Etsy ina tagi 13, kila moja isizidi herufi 20 pamoja na nafasi. Amazon ina vile vipengele vitano vya maelezo vya juu. Hakuna andishi moja litakaloingia kote likakaa vizuri, hata ulifupishe vipi.

Kwa hiyo usihifadhi andishi. Hifadhi ukweli wa kofia, kisha kila duka lijengewe andishi lake kutoka hapo. Kinachoharibu mambo yenu ni kunakili kutoka duka hadi duka: mkitoa eBay kupeleka Etsy mnabeba na alama za eBay, mkitoa Etsy kupeleka eBay mnabeba urefu wa Etsy.

Fungua jedwali moja kwenye Google Sheets. Kila saizi ya kofia iwe na mstari wake, na safu ya A iwe SKU, yaani jina fupi la kuitambulisha bidhaa, mfano `KV-NYEUPE-57`. SKU hiyo iandikwe vilevile kwenye maduka yote matatu, maana ndiyo itakayokuonyesha kwamba tangazo hili na lile ni kofia moja. Safu B hadi G ziwe vipande vya kichwa, umevipanga kuanzia kile ambacho mteja akikikosa atarudisha mzigo:

```
B: Lamu Kofia
C: 57 cm
D: White Cotton
E: Hand Embroidered Swahili Cap
F: Brimless Hat for Men
G: Made in Kenya
```

Tazama, ni maneno yako yaleyale, nimehamisha saizi na kitambaa mbele. Kichwa cha Etsy unaunganisha B hadi G, herufi 93. Cha eBay unaandika hivi:

```
=IF(LEN(TEXTJOIN(" ",TRUE,B2:G2))<=80,
 TEXTJOIN(" ",TRUE,B2:G2),
 TEXTJOIN(" ",TRUE,B2:F2))
```

Maana yake: vipande vyote vikitosha katika 80, viweke vyote; visipotosha, acha kipande cha mwisho kizima. Hapo Made in Kenya inaondoka na unabaki na herufi 79. Hakuna neno linalokatwa katikati, na si binamu wala wewe anayeamua kwa jicho. Nchi ilikotengenezwa haipotei, kwa sababu eBay ina sehemu yake ya sifa za bidhaa. Iandikwe huko.

Hiyo fomula inaacha kipande kimoja tu. Ukiwa na kofia yenye maelezo marefu zaidi, weka safu ya `LEN`, fomula inayohesabu herufi, pembeni na uifanye iwe nyekundu ikizidi 80.

KijanaWaShela

Nimeelewa. Lakini tagi za Etsy si ni maneno ya kichwa tu ukiyakata?

Mchakataji_Msa

Ukiyakata hovyo utakwama. `hand embroidered cap` ni herufi 20 kamili, inaingia. Weka kofia badala ya cap, zinakuwa 22, inakataliwa. Andika `embroidered kofia`, ni 17. Tagi ziwe na safu zake kwenye jedwali, kila moja na `LEN` yake.

Na maelezo marefu, dada, yavunje. Sentensi moja seli moja: kitambaa, ushonaji, kipimo, kufua. Usiweke alama yoyote humo, wala herufi nzito, wala vidoti. Ya Etsy unaziunganisha kwa mstari mpya, ya eBay unazizungushia `<p>` na `</p>` kwa fomula, na ya Amazon kila sentensi inakwenda kwenye kipengele chake. Maelezo ya kufua yakibadilika, unabadilisha seli moja na maandishi yote matatu yanageuka.

Kipimo kiwe cha sentimita peke yake. Inchi zihesabiwe na jedwali, `=ROUND(H2/2.54,1)`, ambapo H ni safu nyingine yenye namba tupu 57 bila cm. Jibu ni 22.4. Ile 22.5 yenu imetokana na mtu kukadiria kwa utepe wa inchi, na mwingine akapiga hesabu.

Mauzo_Malindi

Naomba kuongeza moja iliyonisumbua. Mimi niko Malindi na wateja wangu wengi ni Waitaliano, kwa hiyo naandika Kiitaliano. Yale maneno ya utafutaji ya Amazon, yale asiyoyaona mteja, `LEN` ilikuwa inaniambia niko ndani ya kipimo, na bado nilikuwa nimezidi. Sehemu ile inahesabu baiti, siyo herufi, na lazima ziwe chini ya 250. Herufi kama à na è kila moja ni baiti mbili. Apostrofi iliyopinda, ile simu inayoiweka yenyewe, ni baiti tatu. Mkiandika Kiingereza kitupu hamtaona tofauti, lakini mkigusa lugha nyingine acheni nafasi ya kutosha.

Tena mkihifadhi jedwali kama faili la CSV na kulifungua kwa Excel bila kuchagua UTF-8, zile herufi zinaharibika. Ukiona à imegeuka kuwa Ã na nafasi, usilipandishe faili hilo.

BintiMkomani

Mashallah, nimeanza kulijenga jedwali. Sasa picha. Amazon wanataka picha ya kwanza iwe na nyuma nyeupe kabisa, na kofia yetu ni nyeupe. Ikiwekwa pale inamezwa, vito havionekani. Etsy tunaipiga juu ya mbao za mlango, inapendeza. Je, hilo nalo ni kutolingana?

Mauzo_Malindi

Mandhari kutofautiana si neno, muhimu kofia iwe ileile na rangi iwe ileile. Kwa Amazon taa itoke ubavuni, isitoke mbele. Kila kitundu cha kito kitapata kivuli chake na ukingo wa kofia utasomeka. Nyuma iwe nyeupe tupu, 255 kwa rangi zote tatu, na kofia ijaze angalau asilimia 85 ya picha. Usiitie kofia weupe kwa programu ili ilingane na nyuma. Utapoteza nyuzi, na mteja wa Etsy ataona rangi ya maziwa wakati wa Amazon anaona karatasi. Picha hiyo ya Amazon iwekeni pia Etsy na eBay, hata kama ni ya tatu au ya nne.

Mchakataji_Msa

Sawa kabisa. Na jambo moja la mwisho kwangu: binamu asibadilishe chochote ndani ya duka, hata koma. Akiona kosa, aliandike kwenye jedwali, kisha apandishe upya. Weka safu tatu za tarehe, moja kwa kila duka, kuonyesha mstari huo ulipandishwa lini. Mara moja kwa mwezi nakili kichwa kilicho hewani, kibandike kando ya kile cha jedwali, na uvilinganishe kwa fomula ya `EXACT`. Ikijibu FALSE, kuna mkono umepita.

MamaMikeka_Matondoni

Na bei je? Hamjanijibu.

Mchakataji_Msa

Mama, hapo sina jibu moja. Kila duka lina makato yake, ukiweka bei moja faida inatofautiana, ukilinganisha faida bei inatofautiana. Mimi huweka bei moja na kukubali kupata kidogo duka moja. Najua wanaofanya kinyume na biashara zao zinakwenda.

BintiMkomani

Nimemsomea baba yote haya. Ameuliza swali ambalo sikulifikiria: hiyo 57 ya kwenye jedwali ni kabla ya wanga au baada? Kofia ikifuliwa na kupigwa wanga haikai kama ilivyotoka kwenye sindano. Yeye hupima kabla. Binamu hupima zinapomfikia, na zikifika zimeshapigwa wanga.

MamaMikeka_Matondoni

Baada. Mteja anavaa iliyokwisha kupigwa wanga.

KijanaWaShela

Akiifua kwake bila wanga je? Mimi ningeandika ya kabla.

Mchakataji_Msa

Mama ana haki kwa mteja wa kwanza, lakini Kijana naye ana hoja kwa baadaye. Pimeni kofia kadhaa kabla na baada, muone tofauti ni kiasi gani. Kama ni milimita chache, chagueni ya baada na mwandike sentensi moja kwenye seli ya kipimo. Kama inafika sentimita nzima, mtahitaji safu mbili. Tuletee vipimo tuvione.