Naomba ushauri: fanksheni ya Green inakwama mipaka ikiwa ya mteremko

Wakuu, habari za kazi. Nina mlinganyo (x y')' = f(x), x kutoka 1 hadi e.

Mipaka ikiwa y(1) = y(e) = 0, mambo yanaenda vizuri. Upande wa kulia ukiwa sifuri, ln x inatimiza mpaka wa kushoto na ln x − 1 ule wa kulia. Nikidai G isikatike kwenye x = s, na mteremko wake uruke kwa 1/s (si 1, maana y'' imezidishwa na x), napata:

G = ln x (ln s − 1), x < s
G = ln s (ln x − 1), x > s

Nimejaribu f = 1, ikatoka y = x − 1 − (e − 1) ln x, na mipaka yote inatimia.

Sasa mipaka yangu halisi ni y'(1) = y'(e) = 0. Suluhisho la kushoto na la kulia yote ni namba isiyobadilika, kwa hiyo hakuna kinachoweza kuleta ule mruko. Naona pia jibu lipo tu kama integrali ya f ni sifuri, na yangu ni sifuri kweli.

Je, nipunguze 1/(e − 1) kwenye delta ndipo niunganishe vipande upya? Na namba inayobaki huru kwenye G mnaichaguaje?