Skuta imejifunga, mbona pesa bado zinakatwa?

Mama, Sinza
Habari zenu ndugu. Mwanangu ameanza chuo Leipzig. Jana alikodi skuta ya umeme kwa simu, akafika dukani, akabonyeza kitufe, skuta ikajifunga, akaingia ndani. Kutoka anakuta bado anadaiwa. Kadi ni yangu, na meseji ya benki ndiyo iliyonishtua huku. Aplikesheni yote ni Kijerumani. Kakosea wapi?

Kaka, Tabata
Shikamoo mama. Nilipokuwa huko, ukishafunga kufuli la gurudumu la nyuma kwa mkono, safari imeisha. Mwambie alisukume mpaka mwisho, lisibaki nusu.

Mzee, Kigamboni
Na mimi nauliza, hizo skuta ukiagiza mpaka bandarini zinafika kwa bei gani? Kijana wangu anaitaka ya biashara.

Dada, Mbezi
Shikamooni. Mzee wangu, hizi ni za kukodi kwa dakika, haziuzwi.

Kaka, la kufuli ni kweli kwa baiskeli nyingi za kukodi. Skuta haina kufuli la mkono, kila kitu kipo kwenye simu. Hapo huja vitufe viwili: `Pause` na `Fahrt beenden`. Vyote vinaifunga skuta, ndiyo maana kijana hakuona tofauti. Cha kwanza kinakuwekea skuta, na dakika zinaendelea kulipiwa. Cha pili ndicho kinachomaliza safari.

Tuseme kufungua ni euro 1 na kila dakika senti 20. Dakika 10 za barabarani ni euro 3. Akiongeza saa nzima ya `Pause` kwa bei hiyohiyo, inakuwa euro 15.

Akibonyeza `Fahrt beenden`, kwa kawaida ataombwa picha ya skuta ilivyoegeshwa. Aipige yote ionekane, isizibe njia ya waenda kwa miguu. Halafu asubiri mpaka jumla ya malipo itokee. Bodaboda ya kuita kwa simu hapa Dar, dereva ndiye anayemaliza safari. Kule ni wewe mwenyewe, na kabla ya jumla hiyo usiondoke.

Kaka, Tabata
Sawa dada, basi nilikuwa nazungumzia baiskeli.

Binti, Ubungo
Mimi nilibonyeza hichohicho cha kumaliza, kikagoma kabisa. Nilikuwa mbele ya stesheni ya treni.

Dada, Mbezi
Angalia ramani mdogo wangu. Ukiwa ndani ya eneo jekundu hairuhusu kumaliza. Isukume mpaka nje ya rangi hiyo ndipo ujaribu tena. Kama hupo kwenye wekundu, huenda simu inakosea mahali ulipo, hasa ukiwa chini ya paa au katikati ya maghorofa. Sogea penye uwazi, subiri kidogo. Ikigoma bado, piga picha ya skuta pamoja na namba iliyoandikwa juu yake, uwaandikie huduma kwa wateja papo hapo.

Mama, Sinza
Marahaba wanangu. Ni `Pause` kweli, amenitumia picha ya skrini. Je, hizo zilizokatwa zinarudishwa?

Dada, Mbezi
Awaandikie leo mama, aeleze skuta ilisimama saa ngapi. Wengine niliowaona walirudishiwa kidogo, wengine hawakupata kitu.