Naomba ushauri: barua ya kumwomba radhi jirani, nimalizieje?

Wadau, naandaa barua ya mfano kwa watahiniwa: kumwomba radhi jirani baada ya sherehe yenye kelele. Nimeiweka kirafiki, yaani anwani moja tu juu kulia, tarehe chini yake, bila kichwa cha "YAH". Aya ya kwanza inataja kosa waziwazi: "Mama Asha, shikamoo. Naomba radhi kwa muziki tuliopiga Jumamosi hadi saa nane usiku, mtoto akakosa usingizi." Wengi huharibu hapa kwa kuandika "kama tulikukera", hilo "kama" linaifuta radhi yote. Aya ya pili inaahidi spika kuzimwa saa nne.

Sasa, kwa jirani mtu mzima, nimalizie "Wako mpendwa" au "Wako mtiifu"? La pili naliona la kiofisi.